Jati si rangi, lakini ni ubaguzi wa nasaba: barua ya wazi kwa mawaziri wa mambo ya nje wa Afrika Mashariki na mabalozi wetu walioko Geneva

Waheshimiwa Mawaziri na Waheshimiwa Mabalozi,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia kuhusu hoja ambayo imekuwa ikizungushwa katika vikao vya Umoja wa Mataifa tangu mkutano wa dunia wa kupinga ubaguzi wa rangi uliofanyika Durban mwaka 2001, nayo ni kama ubaguzi wa jati katika Bara Hindi ni ubaguzi wa rangi au ni jambo jingine. Serikali ya India husema kuwa jati si rangi, na kwamba kwa sababu hiyo suala hilo halina nafasi chini ya mkataba wa kimataifa wa kupinga ubaguzi wa rangi. Baadhi ya wanaharakati huwajibu kwamba ni kitu kilekile tulichopambana nacho Afrika Kusini. Nimesoma India, nimeishi na watu wa jati mbalimbali, na nimebaguliwa huko kwa weusi wangu, na nina hakika kwamba kila upande umeshika sehemu tu ya ukweli. Wajumbe wetu wakifuata upande mmoja bila kuuchunguza, watamwacha mtu mmoja bila utetezi, ama Mdaliti wa Tamil Nadu, ama kijana wetu anayesoma Bengaluru.

Katika barua hii nitasema "rangi" kwa maana tunayoikusudia tunaposema ubaguzi wa rangi, yaani makundi makubwa ya watu yanayodhaniwa kutofautiana kwa asili na maumbile. Nitakapozungumzia tofauti za ngozi baina ya watu wa jamii moja, nitasema weupe au weusi wa ngozi. Jati ni kundi la kuzaliwa ambalo mtu hulirithi kwa wazazi wake, ambalo desturi humtaka aoe au aolewe ndani yake, na ambalo huwekwa juu au chini ya makundi mengine. Zipo jati kwa maelfu. Wadaliti ni wale ambao jati zao zilihesabiwa kuwa najisi kiasi kwamba kuguswa nao kulidhaniwa kumchafua mtu wa jati ya juu.

Naomba tuyaweke pamoja mashambulizi mawili yaliyotokea kusini mwa India ndani ya wiki sita za mwaka 2016.

La kwanza lilitokea Bengaluru tarehe 31 Januari. Raia wa Sudan alimgonga mwanamke kwa gari na kumuua. Baada ya muda, mwanafunzi wa Kitanzania alipita eneo hilo na wenzake, bila kuwa na uhusiano wowote na ajali ile. Kundi la watu liliwavamia, likampiga binti yule na kumrarulia nguo, na gari lao likachomwa moto. Waliomshambulia hawakujua jina lake wala nchi yake, na hawakutaka kujua. Waliona ngozi yake, wakaona inatosha kumbebesha kosa la mtu wa nchi nyingine kabisa. Huo ni ubaguzi wa rangi katika sura yake kamili, kwa sababu jicho peke yake ndilo lililotoa hukumu.

La pili lilitokea tarehe 13 Machi katika mji wa Udumalaipettai, jimbo la Tamil Nadu. Kijana Mdaliti wa miaka 22, mwanafunzi wa uhandisi, alikatwakatwa mapanga mchana kweupe karibu na kituo cha mabasi, naye mkewe akajeruhiwa. Kosa lao lilikuwa kuoana, kwa kuwa mke alitoka katika jati ya Wathevar, iliyo juu ya ile ya mumewe. Wote wawili walikuwa Watamili, lugha yao moja, na walijuana chuoni. Mpita njia aliyewaona wakitembea sokoni asingeweza kusema nani ni wa jati gani. Mwaka 2017 mahakama iliwahukumu kifo watu sita, akiwamo baba wa mke, ambaye bintiye mwenyewe alitoa ushahidi dhidi yake. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Madras ilimwachia huru baba huyo na kupunguza adhabu za wengine watano kuwa vifungo vya maisha.

Wathevar si Wabrahmani, yaani jati za makuhani zinazohesabiwa kuwa za juu kabisa. Kwa maumbile na ngozi hawatofautiani na majirani zao Wadaliti, na serikali yenyewe imewaorodhesha miongoni mwa jamii zilizobaki nyuma. Hata nadharia ya zamani inayosema kwamba weupe kutoka kaskazini waliwatawala weusi wa kusini ingewaweka muuaji na aliyeuawa upande mmoja. Mtu anayeitafuta rangi katika mauaji yale hataiona, na akishaikosa anaweza kuondoka akidhani hapakuwa na ubaguzi wowote.

Jati, basi, hujulikanaje? Hujulikana kwa maswali. Nilipokuwa natafuta chumba cha kupanga nikiwa na mwenzangu Mdaliti kutoka Maharashtra, wenye nyumba walinikataa mimi kabla sijafungua mdomo. Yeye walimkaribisha, wakampa maji, kisha wakamuuliza jina la ukoo, kijiji cha baba yake, kazi ya babu yake, na kama nyumbani kwao hula nyama. Jibu la tatu au la nne lilipowadia, chumba kilikuwa kimeshapata mtu mwingine. Mimi sikuweza kujificha, naye aliweza kwa dakika kumi. Wadaliti wengi wa mijini hubadilisha jina la ukoo kwa sababu hiyo, na huishi kwa hofu ya kugunduliwa, hofu ambayo mtu mweusi miongoni mwa weupe haijui, kwa kuwa yeye amekwisha kujulikana tangu mlangoni.

Serikali nayo huitambua jati kwa njia hiyohiyo ya nasaba. Mtu anayeomba nafasi zilizotengwa, ambazo katika ajira na vyuo vya serikali kuu ni asilimia 15 kwa jati zilizoorodheshwa, yaani zile za Wadaliti, na asilimia 7.5 kwa makabila yaliyoorodheshwa, hupeleka cheti cha jati kinachotolewa na ofisi ya wilaya baada ya kukagua kumbukumbu za familia yake, hasa za upande wa baba. Hakuna afisa anayeitazama ngozi.

Wakoloni Waingereza walijaribu kuigeuza jati kuwa rangi. Herbert Risley, aliyesimamia sensa ya mwaka 1901, alipima pua za watu na kudai kwamba kadiri pua inavyokuwa pana ndivyo hadhi ya jati inavyoshuka. Mwanasosholojia G. S. Ghurye aliupitia upya ushahidi huo miaka ya 1930 na kuonyesha kwamba mpangilio ule ulionekana kwa kiasi fulani katika sehemu za kaskazini tu, na nje ya hapo ulivunjika. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jati ya Wamahari waliotengwa na baadaye kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, alilisema jambo hili kwa uwazi zaidi mwaka 1936: Mbrahmani wa Punjab na Mdaliti wa Punjab ni wa asili moja, na Mbrahmani wa Madras na Mdaliti wa Madras ni wa asili moja, ilhali Mbrahmani wa Punjab na yule wa Madras ndio wanaotofautiana. Aliyeandika hayo alikatazwa kugusa maji ya shule alipokuwa mtoto. Hakuwa akiitetea jati. Alikuwa akieleza kwamba ukatili huu haukuhitaji tofauti ya maumbile ili usimame, na kwamba nguzo yake ni ndoa ya ndani ya kundi.

Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa karne hii umekubaliana naye kwa sehemu kubwa. Karibu watu wote wa Bara Hindi ni mchanganyiko wa asili za kale za kaskazini na za kusini, na uchanganyikaji huo uliendelea kwa kasi hadi takriban miaka 2,000 iliyopita, ndipo makundi yakaanza kujifungia katika ndoa. Mpaka leo, kwa mujibu wa utafiti mkubwa wa kaya uliofanywa India mwaka 2011 na 2012, ni takriban asilimia 5 tu ya ndoa zinazovuka mpaka wa jati. Jati haikutokana na watu wa aina mbalimbali kutengwa. Watu waliokwisha kuchanganyika ndio waliowekewa kuta.

Kuna tofauti nyingine inayopaswa kuwazuia wajumbe wetu kuifananisha jati na utawala wa makaburu bila tahadhari. Afrika Kusini, mwanamke mweusi aliyekatazwa kuketi katika benchi la weupe ndiye aliyewapikia chakula na kuwabeba watoto wao mgongoni. Katika nyumba ya Mbrahmani mshika desturi, Mdaliti hakuruhusiwa hata kukanyaga jikoni, kwa sababu unajisi uliaminika kupita katika maji na chakula kilichopikwa. Ndiyo maana katika vijiji kadhaa vya Tamil Nadu migahawa ya chai imekuwa na vikombe vya aina mbili, na ndiyo maana ugomvi wa jati huzuka kisimani, hekaluni na makaburini. Tena ngazi za jati hazina sehemu mbili tu za bwana na mtwana. Kila kundi huwa na jingine la kulidharau, hata miongoni mwa Wadaliti wenyewe, na hilo ndilo linalowazuia walio chini kuungana. Tamil Nadu ililazimika mwaka 2009 kuwatengea Waarunthathiyar sehemu yao ndani ya nafasi za Wadaliti, kwa kuwa Wadaliti wenzao walikuwa wakizichukua karibu zote. Kubadili dini pia hakuitoi jati. Wakristo wa asili ya Kidaliti wamezikwa katika makaburi tofauti na Wakristo wenzao, na juu ya hayo, amri ya mwaka 1950 inayoorodhesha jati hizo inawatambua Wahindu, Masingasinga na Wabudha tu, ikiwaacha Wakristo na Waislamu nje.

Sisi wenyewe tunao ushahidi hapa nyumbani, kama tungeutazama. Serikali za kikoloni za Kenya na Tanganyika ziliwaweka Wahindi wote katika fungu moja la rangi, chini ya Wazungu na juu ya Waafrika. Ndani ya fungu hilo Walohana, Wapatel, Wabhatia na wengineo waliendelea kuwa na kumbi zao, vyama vyao na ndoa zao, na Masingasinga Waramgarhia, mafundi waliokuja kwa wingi wakati wa ujenzi wa reli, walijenga mahekalu yao mbali na Masingasinga wa jati nyingine. Mwafrika aliyepita barabarani aliona Mhindi tu. Rangi ndiyo iliyoonekana kutoka nje, na jati ikaishi ndani yake bila sisi kuitambua.

Baada ya kusema hayo yote, ningekuwa nawapotosha kama ningewaacha muamini kwamba weupe wa ngozi hauna lolote na jati. Unalo, na hapa ndipo hoja inapohitaji uangalifu zaidi. Kaskazini mwa India ipo methali ya zamani inayomwonya msafiri asivuke mto pamoja na Mbrahmani mweusi wala Mchamari mweupe, Wachamari wakiwa jati ya Kidaliti iliyohusishwa na kazi ya ngozi. Methali hiyo inatueleza mambo mawili kwa pamoja. Watu hutarajia wa juu awe mweupe na wa chini awe mweusi, na wakati huohuo wanajua kwamba Wabrahmani weusi na Wachamari weupe wapo, tena wa kutosha kutungiwa methali. Matarajio hayo yana msingi mdogo wa kweli. Katika baadhi ya maeneo, jati za juu zina wastani mkubwa kiasi wa asili ya kaskazini, na watu wa jati za chini wamefanya kazi ya shamba na ujenzi juani kizazi baada ya kizazi. Lakini wastani wa kundi hausemi chochote cha uhakika kuhusu mtu mmoja. Ukitoka Kashmir ukashuka hadi Kerala, utakutana na Wadaliti wa Punjab walio weupe kuliko Wabrahmani wengi wa Tamil Nadu.

Ngozi na jati hukutana kwa nguvu zaidi sokoni mwa ndoa, na mzigo wake humwangukia mwanamke. Matangazo ya wachumba kwa miongo mingi yametaka binti mweupe au wa rangi ya ngano, na krimu ya kung'arisha iliyoingizwa sokoni mwaka 1975 kwa jina Fair & Lovely ilitajirika kwa tamaa hiyo. Binti mweusi wa jati ya juu huumia kweli. Huambiwa asivae nguo ya njano, hupitwa na wachumba, na wazazi wake hulazimika kuongeza mahari, ambayo kwa desturi ya huko hutoka upande wa mwanamke. Mwishowe, hata hivyo, anaolewa ndani ya jati yake na mlango wa hekalu haufungwi mbele yake. Binti mweupe wa Kidaliti husifiwa uzuri mpaka jina la ukoo litajwe. Weusi wa ngozi una bei ambayo familia inaweza kuilipa, na jati haina bei.

Tukio la mwaka 2020 lilidhihirisha jambo hilo. Baada ya kifo cha George Floyd nchini Marekani, tovuti ya ndoa ya Shaadi.com iliondoa sehemu iliyomruhusu mtu kuchagua mchumba kwa rangi ya ngozi, na watengenezaji wa krimu ile wakabadilisha jina lake kuwa Glow & Lovely. Dunia ilipiga makofi. Sehemu ya kuchagua mchumba kwa jumuiya na jati ilibaki palepale. Lugha ya ubaguzi wa rangi iliweza kuigusa ngozi kwa sababu inaijua, na ikaipita jati bila kuisalimu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kubwa ya kusema kwamba vitu hivi viwili ni kimoja, kwani anayebagua kwa jati anaweza kuacha kutaja ngozi, akashangiliwa, na akaendelea.

Yapo makundi ambayo yanabeba mizigo yote, na moja lina damu yetu. Wasidi wa Gujarat na Karnataka ni kizazi cha Waafrika waliofika Bara Hindi kwa karne nyingi wakiwa watumwa, mabaharia na askari. Wanazungumza Kigujarati, Kikannada na Kikonkani, na baadhi ya wale wa Gujarat bado wanacheza goma, ngoma ambayo Mswahili hahitaji kuelezwa ilikotoka. Serikali imewaorodhesha kama kabila, wale wa Karnataka mwaka 2003, kwa hiyo si Wadaliti kisheria. Majirani wa kijijini huwaweka chini kwa nasaba, na wakienda mjini huulizwa wametoka nchi gani, ilhali babu wa babu zao walizaliwa humohumo. Msidi hudharauliwa kwa anachojulikana kuwa, na tena kwa anachoonekana kuwa. Sheria yoyote inayoshika upande mmoja tu itamwacha na nusu ya madhila yake.

Sasa narudi kwenye vikao vyenu. Katiba ya India, ibara ya 15, inakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, asili ya rangi, jati, jinsia au mahali pa kuzaliwa. Waandishi wake waliandika rangi na jati kama maneno mawili kwa sababu walijua ni mambo mawili, na ibara ya 17 ikafuta desturi ya kumtenga mtu kwa unajisi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1965 wa kupinga ubaguzi wa rangi nao, katika ibara yake ya kwanza, haukutaja rangi peke yake. Ulitaja asili ya rangi, rangi ya ngozi, nasaba, na asili ya taifa au kabila. Neno nasaba liliingizwa kwa pendekezo la India yenyewe. Mwaka 2002 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa pendekezo la jumla namba 29, likieleza kwamba ubaguzi wa nasaba unahusisha ule unaotokana na jati na mifumo inayofanana nayo. India haikubali tafsiri hiyo. Nepal, ambayo ina jati zilezile, ilitunga mwaka 2011 sheria ya kuadhibu ubaguzi wa jati na utengaji, kwa hiyo hatuwezi kuambiwa kwamba kuyajadili mambo haya ni uadui dhidi ya utamaduni wa Bara Hindi.

Kwa hiyo naomba kwamba hoja ya "jati si rangi" itakapotolewa tena mbele yenu, wajumbe wetu wakubali sehemu yake iliyo ya kweli na wakatae hitimisho lake. Waseme kwamba jati si rangi, na kwamba mkataba tulioridhia unaikataza kwa jina la nasaba. India itakapofika kwa zamu yake katika mapitio mbele ya Baraza la Haki za Binadamu, waulize maswali yanayoifuata jati mahali inapoishi: wanandoa wa jati tofauti wanaotishwa wanalindwa vipi na polisi wa wilaya, ni mashauri mangapi yaliyofunguliwa chini ya sheria ya mwaka 1989 ya kuzuia ukatili dhidi ya jati na makabila yaliyoorodheshwa yamefikia hukumu, na kwa nini Mdaliti Mkristo au Mwislamu aliyetengwa kisimani hapati ulinzi wa sheria hiyo kama Mdaliti.

Na mashambulizi dhidi ya wanafunzi wetu yasiunganishwe na maswali hayo kana kwamba ni tawi lake. Hayo yanahitaji faili lake, chini ya maneno rangi ya ngozi na asili ya taifa, pamoja na ushahidi kwamba tatizo si letu peke yetu. Baada ya kijana wa Arunachal Pradesh kupigwa na kufariki Delhi mnamo Januari 2014, serikali ya India yenyewe iliunda kamati kuchunguza madhila ya raia wake wa kaskazini mashariki, ambao hubaguliwa kwa sura zao. Balozi zetu New Delhi ziandikishe kila tukio linaloripotiwa na mwanafunzi wetu, tarehe, kituo cha polisi na namba ya jalada la kwanza la malalamiko, ambalo huko huitwa FIR na ambalo mlalamikaji ana haki ya kupewa nakala yake bila malipo. Na vijana wanaopata ufadhili wa kusoma India waelezwe kabla ya kusafiri watakachokutana nacho kwa weusi wao, na waelezwe pia kwamba mwenzao wa darasani anayekwepa kutaja jina lake la ukoo huenda anabeba jambo ambalo wao hawawezi kuliona kwa macho.

Wenu mtiifu,

Mwananchi wa Tanzania aliyesoma India